Taa za bango zinaruka rangi baada ya kubadili chipu: kutafuta kosa kwenye njia ya maagizo

Bango la duka lenye taa 256 za WS2812B, safu 8 kwa 32, linafanya kazi bila shida kwenye Arduino Uno. Mwenye duka anataka maneno marefu zaidi na picha, ramu ya Uno ya baiti 2,048 haitoshi, basi fundi anaingia Kariakoo, ananunua ile bodi ndogo ya buluu yenye STM32F103C8T6 na kuhamishia programu huko. Chipu mpya inakimbia megahezi 72 badala ya 16, ramu yake ni kilobaiti 20. Fundi anaongeza namba kwenye vitanzi vya kusubiri ili zilingane na kasi mpya, anawasha, na neno lililokuwa jeupe linatoka na madoa ya kijani na zambarau.

Hapo ndipo mwongozo huu unapoanzia. Unahusu programu inayotuma biti kwa kuhesabu mapigo ya saa ya prosesa, maana hiyo ndiyo inayoumia kwanza agizo linapochelewa kufika.

Kinachotakiwa kwenye waya ni hiki. Kila biti huchukua maikrosekunde 1.25. Biti ya sifuri hukaa juu kwa maikrosekunde 0.4, biti ya moja hukaa juu kwa 0.8, na kila kipimo kinaruhusiwa kupotoka kwa 0.15 tu kwenda juu au kushuka chini. Kwenye Uno, biti nzima ni mapigo 20 kamili. Kwenye megahezi 72 ni mapigo 90, na uhuru wako wa kukosea ni kama mapigo 10 hivi.

Kabla ya kulaumu prosesa

Kuna makosa mawili yanayofanana sana na hili, na yote mawili ni rahisi kuyaondoa kwanza.

La kwanza ni volti. STM32 hutoa volti 3.3, lakini WS2812B inayolishwa volti 5 hutaka angalau asilimia 70 ya volti zake ndipo ikubali kwamba ishara iko juu, yaani volti 3.5. Weka dayodi moja ya kawaida kwenye waya wa chanya unaolisha taa ya kwanza tu, ili ishuke hadi karibu volti 4.3. Kiwango inachotaka kitashuka hadi volti 3 hivi. Madoa yakikoma, tatizo lilikuwa volti. Weka 74HCT125, chipu inayopandisha ishara ya volti 3.3 hadi 5, katikati ya bodi na bango, kazi imekwisha.

La pili ni vikatizi. Taima ya mfumo humkatiza prosesa kila milisekunde, na akikatizwa katikati ya biti, biti hiyo huharibika. Funga vikatizi kwa `__disable_irq()` kabla ya kutuma na uvifungue baadaye. Madoa ya vikatizi yanahamahama: sekunde hii taa ya 40, sekunde ijayo taa ya 113. Madoa ya maagizo yanayochelewa hayana tabia hiyo. Yanakaa palepale, au bango zima linakosea kwa namna ileile, kila unapowasha. Kisha unaongeza mstari mmoja mahali pasipohusika kabisa, tuseme kuwasha taa ndogo ya bodi, unakompaili upya, na kosa linabadilika sura au linatoweka lenyewe.

Hiyo tabia ya mwisho ndiyo alama kubwa. Programu ileile iliyokompailiwa mara moja hukosea vilevile kila siku. Ikikompailiwa upya hukosea kwa namna nyingine. Ukiiona hiyo, endelea hapa chini.

Kosa linabadilika ukikompaili upya

Kwenye ATmega328P ya Uno, maagizo yanakaa kwenye flashi na data inakaa kwenye ramu, na kila upande una njia yake na anwani zake. Huo ndio muundo wa Harvard, jina lililotokana na mashine ya Harvard Mark I ya mwaka 1944, ambayo ilisoma maagizo kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa huku namba zikikaa kwenye magurudumu ya kuhesabia. Kwenye chipu hii ndogo, faida yake ni kwamba agizo moja likiwa linatekelezwa, linalofuata tayari linachotwa, na kazi hizo mbili hazigongani. Flashi nayo ina kasi ya kutosha kwa megahezi 16, kwa hiyo hakuna kusubiri. Kitanzi cha `dec` na `brne` ni mapigo 3 kila mzunguko, kiwe mwanzo wa flashi au mwisho wake, leo na mwakani. Ndiyo maana mafundi wamezoea kuhesabu mapigo kwa kalamu, na wana haki.

Cortex-M3 iliyo ndani ya STM32F103 nayo ni ya Harvard. Ina njia ya kuchotea maagizo na njia ya data zilizotengana. Ila kuna mambo mawili yanayovuruga hesabu ya kalamu.

La kwanza ni mruko. Chukua kitanzi cha kusubiri kama hiki:

```
1:  subs r0, #1
    bne  1b
```

`subs` ni pigo 1. `bne` inaporuka hugharimu pigo 1 pamoja na muda wa kujaza upya mstari wa maagizo, na kwa mujibu wa maelezo ya ARM muda huo ni pigo 1 hadi 3, kutegemea agizo linalorukiwa limekaa kwenye anwani gani, ni la biti 16 au 32, na kama prosesa imewahi kuikisia anwani hiyo mapema. Mzunguko mmoja basi unaweza kuwa mapigo 3, 4 au 5. Fundi aliyepima akapata 4 ataandika mizunguko 7 kwa biti ya sifuri na 14 kwa biti ya moja. Hesabu yake inatoka vizuri: mapigo 28 ni maikrosekunde 0.39, na 56 ni 0.78.

Kesho yake kitanzi kinasogezwa na kompaila kwa baiti mbili. Kikiwa cha mapigo 3, biti ya sifuri inakuwa maikrosekunde 0.29, bado inakubalika, lakini biti ya moja inashuka hadi 0.58, na mwisho wa chini ni 0.65. Kikiwa cha mapigo 5, sifuri ni 0.49, salama, na moja ni 0.97, imepita juu ya 0.95. Kwa hiyo biti za moja ndizo zinazoharibika, na rangi nyeupe, ambayo ni biti za moja tupu, ndiyo inayochafuka kabla ya nyingine. Bango likionyesha nyekundu iliyofifia bila tatizo lakini nyeupe ikawa na madoa, dalili ni hiyo.

La pili ni flashi yenyewe. Flashi ya chipu hii haiwezi kufuata megahezi 72. Hadi megahezi 24 haihitaji kusubiri. Kutoka 24 hadi 48 huongeza pigo 1 la kusubiri, na kutoka 48 hadi 72 huongeza 2. Kila safari ya flashi kwenye megahezi 72 basi ni mapigo 3. Ili kufidia, kila safari huleta biti 64 kwa mkupuo na kuziweka kwenye bafa ya kuchotea mapema.

Fuatilia kinachotokea hapo. Biti 64 ni maagizo manne ya biti 16. Prosesa huyatumia kwa mapigo manne, na safari inayofuata inahitaji mapigo matatu, kwa hiyo bafa inawahi. Lakini yakiwa maagizo ya biti 32, mkupuo mmoja unabeba mawili tu. Prosesa inayamaliza kwa mapigo mawili na kusimama pigo la tatu ikingoja. Njia mbili za Harvard zipo, ziko wazi kabisa, na bado prosesa imesimama, kwa sababu upana wa barabara hausaidii kama ghala linatoa mzigo polepole. Kila mruko kwenda mahali pasipo kwenye bafa nao unalipa mapigo mawili ya kusubiri, na ukiangukia agizo la biti 32 lililokaa nusu mwisho wa mkupuo huu na nusu mwanzo wa unaofuata, unalipa tena.

Usikisie, pima. Cortex-M3 ina kaunta ya mapigo ndani yake:

```c
CoreDebug->DEMCR |= CoreDebug_DEMCR_TRCENA_Msk;
DWT->CYCCNT = 0;
DWT->CTRL |= DWT_CTRL_CYCCNTENA_Msk;

uint32_t a = DWT->CYCCNT;
tuma_biti(1);
uint32_t n = DWT->CYCCNT - a;
```

Chukua `n` kwenye megahezi 72, kisha shusha saa hadi 24 bila mapigo ya kusubiri, na upime tena kipande kilekile. Namba ya mapigo ikishuka, tofauti hiyo ni ya flashi. Ikibaki ileile lakini ikabadilika unapokompaili upya, ni miruko. Ukiwa na lojiki analaiza ya bei rahisi ya sampuli milioni 24 kwa sekunde, utaliona jambo lenyewe kwenye waya, ila kila sampuli yake ni nanosekunde 42, kwa hiyo usiitumie kubishania pigo moja lenye nanosekunde 14.

Soma pia `FLASH->ACR` kwenye dibaga. Kwenye megahezi 72 inatakiwa kuwa `0x32`: kusubiri mapigo mawili, na bafa imewashwa. Ukikuta `0x02`, mtu amezima bafa, na kila kitu kinakwenda polepole bila sababu. Iwashe saa ikiwa bado chini ya megahezi 24, kabla ya kuipandisha. Ukikuta kusubiri kumewekwa sifuri kwenye megahezi 72, hilo si suala la rangi tena. Prosesa itasoma maagizo yaliyoharibika na kuanguka.

Unaweza kutuliza kitanzi kwa kukilazimisha kianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 8, `.balign 8` kabla ya lebo ya kitanzi cha asembli, au `-falign-loops=8` kwenye kompaila kwa kitanzi cha C. Inasaidia. Binafsi siiamini kwa bango litakalotundikwa juu ya mlango wa duka la mtu, kwa sababu mabadiliko ya toleo la kompaila yanakurudisha mwanzo.

Dawa ni kuitoa prosesa kwenye kazi ya kuhesabu muda. SPI1 ya chipu hii, sehemu inayotuma biti mfululizo kwa saa yake, hupokea megahezi 72; igawe kwa 32 upate megahezi 2.25, yaani kila biti ya SPI ni maikrosekunde 0.444. Tuma biti tatu za SPI kwa kila biti ya taa: `100` kwa sifuri, `110` kwa moja. Sifuri inakaa juu 0.444, moja 0.889, na zote zimo ndani ya mipaka. Taa moja inahitaji baiti 9, taa 256 zinahitaji baiti 2,304, ambazo kwenye Uno zisingeingia na hapa hazionekani. DMA, sehemu ya chipu inayohamisha data bila prosesa, inazipeleka yenyewe kutoka kwenye ramu hadi pini ya PA7. Agizo lichelewe au lisichelewe, waya haujui.

Bodi mbili zinazofanana, moja inakosea

Umenunua bodi mbili duka moja, umeweka faili lilelile, moja safi na nyingine ina madoa. Soma maandishi juu ya chipu kwa kioo cha kukuza. Ikiwa imeandikwa GD32F103 badala ya STM32F103, umepata jibu: chipu hiyo hunakili flashi yake kwenye ramu ya ndani na kutekeleza kutoka huko bila mapigo ya kusubiri. Ni nzuri, wakati mwingine ni ya haraka kuliko inayoigwa, ila mapigo uliyoyapima kwenye moja hayafai kwa nyingine.

Kazi imehamishiwa kwenye ramu na haijawa haraka

Ushauri unaozunguka sana kati ya mafundi ni: ramu haina kusubiri, hamishia kazi nyeti huko. Fundi anafanya hivyo kwenye F103, anapima, anakuta mapigo yametulia lakini hayakupungua, au yameongezeka.

Sababu ni kwamba kwenye Cortex-M3 anwani ndiyo inayochagua njia. Maagizo yaliyo chini ya `0x20000000` hupita njia yao maalumu. Ramu inaanzia hapo `0x20000000`, nayo pamoja na pini za nje hupita njia moja ya mfumo. Kazi yako ikikaa kwenye ramu na ikawa inaandika kwenye pini, kuchota agizo na kuandika pini vinapanga foleni kwenye njia ileile, na uchotaji wenyewe kupitia njia hiyo una pigo la ziada. Umeichukua chipu ya Harvard na kuifanya ya von Neumann, yenye njia moja kwa maagizo na data, kwa mstari mmoja wa linka. Ni kama basi la mwendokasi: lina njia yake, lakini likifika makutano linasubiri taa pamoja na daladala.

Hili linakwenda kinyume chake pia. STM32F030 ina Cortex-M0, ambayo ni von Neumann waziwazi, mpango uleule ulioandikwa kwenye rasimu ya EDVAC mwaka 1945. Kila inaposoma au kuandika kumbukumbu, uchotaji unasimama, ndiyo maana `ldr` na `str` ni mapigo 2 wakati kujumlisha ni 1. Hata hivyo njia hiyo ina upana wa biti 32 na maagizo mengi ni ya biti 16, kwa hiyo safari moja inaleta mawili na kuacha nafasi kwa data. Na mruko wake unaotokea ni mapigo 3, haubadiliki. Kwenye megahezi 24, ambako flashi yake haihitaji kusubiri, kitanzi cha kupunguza na kuruka ni mapigo 4 daima, na biti ya taa ni mapigo 30. Kwa kazi hii mahususi, von Neumann ndogo ya megahezi 24 inatulia kama Uno, kuliko Harvard ya megahezi 72. Ipandishe hadi 48, flashi inataka pigo 1 la kusubiri, na mashaka yanarudi.

Herufi za ajabu kwenye Uno

Wengine hawakuhama chipu, walihamisha fonti. Herufi 95 za baiti 8 ni baiti 760. Taa 256 zinataka 768. Jumla 1,528, na zinabaki 520 kwa mengine yote, kwa sababu kwenye AVR hata jedwali la `const` hunakiliwa kwenye ramu bango linapowaka. Ujumbe ukirefuka kidogo, bango linajiwasha upya lenyewe.

Unaongeza `PROGMEM`, ramu inapumua, na herufi zinageuka uchafu mtupu. Anwani 300 ya flashi na anwani 300 ya ramu ni sehemu mbili tofauti, na `fonti[i]` ya kawaida inakwenda kwenye ramu. Soma hivi:

```c
uint8_t s = pgm_read_byte(&fonti[i]);
```

Herufi zitarudi, ila kitanzi kikiwa kimebanwa utaona kimerefuka. Agizo la `lpm` linalosoma flashi ni mapigo 3, na `ld` ya ramu ni 2, kwa sababu data sasa inapita njia ya maagizo na uchotaji unaisubiri imalize. Kwenye biti ya mapigo 20, usisome fonti katikati ya kutuma. Isome kwanza, iweke kwenye ramu safu moja moja, kisha tuma.

Maneno yanakatika baada ya kuhifadhi

Bango linapokea ujumbe kutoka kwenye simu kupitia moduli ya Bluetooth ya HC-05 kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Mteja anatuma ujumbe mrefu, bango linahifadhi sehemu ya kwanza kwenye flashi ili isipotee umeme ukikatika, na katikati ya ujumbe panakosekana herufi thelathini na kitu.

Kufuta ukurasa mmoja wa flashi kwenye F103 huchukua milisekunde 20 hadi 40. Muda wote huo flashi haisomeki, na maagizo yako yako humo. Prosesa inasimama ikingoja agizo, na kikatizi cha kupokea baiti hakihudumiwi, kwa sababu jedwali la vikatizi na kazi yenyewe pia viko kwenye flashi. Kwa 9600, baiti moja huingia kila milisekunde 1.04, kwa hiyo milisekunde 40 ni takriban baiti 38 zilizopotea. Kinachochanganya ni kwamba picha inayotumwa na DMA haikatiki, maana DMA inachukua kwenye ramu na haihitaji agizo jipya. Fundi anaona taa ziko sawa, anaamini prosesa ilikuwa inafanya kazi, na anakwenda kulaumu HC-05. Uno haina dalili hii: EEPROM yake huandikwa kwa milisekunde 3.3 kwa baiti, na maagizo yanaendelea kutoka flashi kama kawaida.

Kuthibitisha, inua pini moja kabla ya kufuta na uishushe baada ya hapo, kisha uitazame pamoja na waya wa kupokea. Herufi zilizokosekana zitakuwa zimeingia pini ikiwa juu. Rekebisha kwa kupokea kupitia DMA kwenye bafa ya ramu ya baiti 64 au zaidi. Ukitaka njia nyepesi, usihifadhi chochote mpaka ujumbe wote uwe umefika na waya umenyamaza kwa milisekunde 50.